Begi Halikufika: Namna ya Kumwandikia Karani wa Uwanja wa Ndege

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Khayega na vijiji jirani)

Nashukuru kwamba mmeacha shamba na soko mkaja kuketi pamoja. Leo sitazungumza juu ya kuku wala mikopo ya mzunguko. Nitazungumza juu ya karatasi moja ndogo, yenye mistari kama kumi, ambayo mtu humwandikia karani wa kaunta ya ndege begi lake lisipofika.

Najua mwingine anajiuliza, hapa Khayega ndege inatuhusu nini? Lakini tuhesabu kidogo. Katika vikundi vilivyoketi hapa kuna mabinti na dada zetu waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni, na kila mwaka kuna wanaorudi. Mtu akirudi, begi lake si lake peke yake. Mna zawadi, mna vitu alivyoagizwa na jirani, na mara nyingine mna mali ya kikundi. Ndivyo ilivyokuwa katika kisa nitakachowasimulia. Jina la mama huyu silitaji, wala la shirika la ndege, lakini yeye mwenyewe amekubali tujifunze kutokana na yaliyompata.

Mama huyu alikuwa Maskati, kule Omani, kwa miaka miwili. Kabla hajarudi, kikundi chake cha ushonaji kilimtumia shilingi 18,400 ili awanunulie mikasi mizuri ya kukatia nguo na vipande vya kitambaa. Alinunua mikasi 8 na vipande 12 vya kitambaa cha kahawia, akavifunga katika sutikesi ya kitambaa ya rangi ya buluu. Alipanda ndege, akabadilisha ndege njiani, akafika Nairobi tarehe 3 Juni mwaka jana. Akasimama pale mabegi yanapozunguka. Wenzake wakachukua yao wakaenda. Mkanda ukazunguka mtupu, kisha ukasimama. Sutikesi ya buluu haikutokea.

Jambo moja alilifanya vizuri sana. Hakutoka nje. Alikwenda kwenye kaunta ya mizigo iliyomo humo humo ukumbini, kabla ya kupita forodha, akaandikiwa ripoti. Ripoti hiyo huitwa kwa herufi tatu, PIR. Karani huingiza habari katika kompyuta, kwenye mtambo uitwao WorldTracer, ambao mashirika mengi ya ndege duniani hutumia kutafuta mabegi. Kisha mtambo unatoa namba ya faili. Namba hiyo ina herufi tano na tarakimu tano. Herufi tatu za kwanza ni za uwanja ulipotoa taarifa, mbili ni za shirika la ndege, halafu zinafuata tarakimu. Kwa Nairobi huanza na NBO, na kwa Kisumu huanza na KIS. Mtu akiondoka kaunta bila namba hiyo, kurudi kuulizia kwa simu akiwa kijijini ni kazi ngumu.

Basi mama akapanda basi la usiku, akafika nyumbani mikono mitupu. Siku ya pili mpwa wake, kijana aliyemaliza sekondari, akamwandikia barua ya Kiingereza kwenda kwa shirika lile. Niliiona barua hiyo. Ilikuwa ukurasa mzima na nusu. Ilianza kwa salamu na heshima, ikaeleza maisha ya Maskati, ikaeleza jinsi kikundi kilivyochanga pesa, ikalalamika juu ya chakula cha kwenye ndege, na mwisho ikasema kwamba mabegi ya maskini hupotezwa makusudi. Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Lakini namba ya begi haikuwamo, na namba ya faili haikuwamo. Namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ile ya Omani, na laini hiyo ilikuwa imezimwa tangu siku aliyoondoka. Siku nne zikapita bila jibu.

Na huku nyumbani maneno yakaanza. Mnatujua. Wengine wakasema begi halikupotea, ameuza vitu vyetu Nairobi. Mweka hazina akaanza kumpita njiani bila kumsalimu. Ndipo aliponijia ofisini, akalia, akaweka karatasi zake zote mezani. Tukaketi tukaandika upya.

Sasa, ili mwelewe tulichoandika, elewa kwanza begi lililopotea hukaa wapi. Mara nyingi halijaibwa. Limebaki katika uwanja ambapo ndege zilibadilishwa, kwa sababu ndege ya kwanza ilichelewa na mzigo haukuwahi ya pili. Limelala pale na tagi yake shingoni. Hilo hupatikana kwa namba. Mara nyingine tagi imechanika, na begi limewekwa chumbani pamoja na mengine yasiyo na mwenyewe. Hilo hupatikana kwa sura yake, na kwa vitu vilivyomo likifunguliwa. Na mara nyingine msafiri mwingine amelichukua akidhani ni lake. Hilo hupatikana akilirudisha, ikiwa kuna jina na simu ya kukupata. Kwa hiyo karani anahitaji namba, sura, vilivyomo, na njia ya kukupata wewe. Habari za chakula cha ndege hazimsaidii kutafuta.

Hiki ndicho tulichoandika. Ni Kiingereza, kwa kuwa ujumbe huo unaweza kusomwa Nairobi, Maskati na ule uwanja wa katikati, na Kiingereza ndicho ofisi hizo zote zinasoma. Herufi za shirika nimezificha kwa XX. Mahali pa jina na simu jazeni yenu.

```
BAG NOT RECEIVED - 1 BAG
Tag number: XX 482913
File number: NBOXX10427
Name on ticket: ...
Flight: XX 310, arrived Nairobi 3 June
From: Muscat (changed planes)
Bag: suitcase, blue, cloth, 2 wheels
Mark: red cloth tied on handle
Inside: 8 scissors, brown cloth, 2 tins of halwa
Phone: +254 ...
Send to: Kisumu Airport. I live at Khayega.
```

Mnaona hakuna sentensi ndefu hata moja. Hata mtu ambaye Kiingereza chake ni cha darasa la saba anaweza kuiandika. Tuipitie mstari kwa mstari.

Mstari wa kwanza unasema begi moja halijapokelewa. Taja idadi. Ukiwa ulikuwa na mabegi mawili na moja limefika, sema ni moja linalokosekana.

Mstari wa pili ndio moyo wa karatasi nzima. Ni namba ya tagi. Unapokabidhi begi kwenye kaunta wakati wa kuondoka, karani hufunga ukanda wa karatasi kwenye mkono wa begi, na kipande kidogo chenye namba ile ile hukubandikia nyuma ya kadi ya kupandia ndege au kwenye pasipoti. Watu wengi huking'oa na kukitupa kwa kudhani ni uchafu. Usikitupe mpaka begi liwe nyumbani. Namba hiyo huandikwa kwa herufi mbili za shirika na tarakimu sita, kwa mfano KQ ni Kenya Airways. Pengine utaikuta kwa tarakimu kumi tupu. Hapo tarakimu tatu kuanzia ya pili zinasimama badala ya jina la shirika, na sita za mwisho ni zile zile za begi lako. Nakili kama ulivyoiona, na mtu wa pili aisome kwa sauti ili kuhakikisha. Tarakimu moja ikikosewa, unatafuta begi la mtu mwingine. Na kile kipande chenyewe usimpe mtu. Toa nakala au picha, asili ibaki kwako.

Mstari wa jina unataka jina lililo kwenye tiketi na pasipoti. Hapa kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, au kwa jina la kanisani, na pasipoti ina jina la babake. Karani hajui Mama nani. Anajua lililo kwenye kompyuta.

Mstari wa ndege una namba ya ndege uliyofika nayo na tarehe. Ukiwa ulibadilisha ndege, sema, maana huko ndiko wataangalia kwanza. Na ikiwa ndege hizo zilikuwa za mashirika mawili, taarifa hutolewa kwa lile lililokufikisha mwisho.

Halafu sura ya begi. Hapa watu hukosea kwa kusema begi kubwa zuri. Karani ana karatasi yenye picha za aina za mabegi, na kila rangi ina herufi zake mbili, kama BK kwa nyeusi na BU kwa buluu. Yeye anataka mambo manne: ni sutikesi au ni begi la kubeba begani, ni rangi gani, ni ya kitambaa au ni ngumu, ina magurudumu au haina. Rangi iwe moja ya kawaida. Ukisema buluu inayoelekea kijani, mmoja ataandika buluu na mwingine kijani, na hamtakutana.

Mstari wa alama ni ule unaolitenga begi lako na mengine. Sutikesi nyeusi ni nyingi kama mahindi sokoni. Kitambaa chekundu kwenye mkono, au mkwaruzo mkubwa pembeni, ndicho kitakachomfanya mtu aseme, naam, ni hili.

Na vilivyomo je? Mama huyu kwanza alitaka tuandike nguo na viatu. Nikamwuliza, ni begi gani duniani lisilo na nguo? Taja vitu ambavyo mwingine hana. Mikasi 8 katika sutikesi moja si jambo la kila siku. Makopo mawili ya halua ya Omani nayo hutambulisha. Vitu vitatu vinatosha kwa kutafutia. Lakini orodha kamili yenye bei uiandike siku hiyo hiyo ungali unakumbuka, uiweke pembeni, maana itahitajika baadaye.

Mistari miwili ya mwisho ni ya kukupata. Simu iwe ya Kenya, ianze na +254, na iwe inawaka. Ongeza ya jirani ikiwa yako huzimika kwa kukosa moto. Kuhusu mahali, sanduku la posta halipokei sutikesi, na nyumba zetu hazina namba wala barabara zetu majina. Ndiyo sababu tuliandika kwamba begi lipelekwe uwanja wa Kisumu, na mama akalichukue mwenyewe. Kutoka hapa Khayega, kwenda Kisumu ni safari ya matatu moja. Kwenda Nairobi ni zaidi ya kilomita 350.

Tulituma ujumbe ule tarehe 8 Juni. Tarehe 10 simu ikalia. Begi lilikuwa limelala kwenye uwanja wa katikati, na tagi yake ikiwa nzima. Tarehe 12 mama akalipokea Kisumu.

Sasa hapa ndipo wengi hufunga kazi, wakifurahi. Nawaomba msifunge bado. Mama alilifungua begi pale pale. Zipu ilikuwa imepasuka, na gurudumu moja halipo. Mikasi ilikuwa 6 badala ya 8. Na simu mbili za mkononi alizozifunga ndani ya taulo hazikuwamo.

Kuna mkataba wa mataifa uliofanywa Montreali mwaka 1999, na Kenya imo, unaosimamia mizigo katika safari za ndege za kimataifa. Mkataba huo una saa yake, na saa hiyo haingoji. Begi likifika limeharibika au limepunguka, una siku 7 tangu ulipolipokea kulalamika kwa maandishi. Likifika limechelewa, una siku 21 tangu ulipolipokea kudai hasara za kuchelewa. Na siku hizo ni za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo. Begi lisipofika kabisa, siku 21 zikipita tangu tarehe lililopaswa kufika, una haki ya kudai kama limepotea. Kwenda mahakamani mwisho wake ni miaka 2.

Tuhesabu kwa mama wetu. Begi amelipokea tarehe 12 Juni. Siku 7 zinaishia tarehe 19 Juni kwa zipu, gurudumu na vitu vilivyopungua. Siku 21 zinaishia tarehe 3 Julai kwa gharama za kuchelewa. Na angalieni sana jambo hili: ile ripoti ya kaunta, PIR, ni ya kutafutia begi. Shirika linaweza kukuambia kwamba hiyo siyo malalamiko. Kwa hiyo unaandika ujumbe wa pili, mfupi kama wa kwanza, wenye tarehe. Wetu tuliutuma tarehe 16.

```
WRITTEN COMPLAINT - 16 June
File number: NBOXX10427
Tag number: XX 482913
Name on ticket: ...
Bag received: 12 June, Kisumu
Damage: zip broken, 1 wheel missing
Missing: 2 scissors, 2 mobile phones
Costs of delay: clothes KSh 2,850, fare KSh 600
Photos and receipts attached.
Please confirm that you received this message.
Phone: +254 ...
```

Neno la kwanza hapo linasema haya ni malalamiko ya maandishi. Namba ni zile zile, ili waunganishe na faili la kwanza. Kisha kila kitu kina mstari wake: kilichoharibika, kilichopungua, na pesa zilizotumika kwa sababu ya kuchelewa. Nguo za shilingi 2,850 alizinunua soko la hapa alipokuwa hana cha kuvaa, na mwenye duka alimwandikia risiti kwa mkono, ina tarehe na muhuri. Nauli ya shilingi 600 ni ya kwenda na kurudi Kisumu. Mstari wa karibu na mwisho unawaomba wathibitishe kwamba wameupokea ujumbe. Jibu hilo litunze, kwa kuwa ndilo litakaloonyesha kwamba hukuchelewa.

Shirika lilijibu. Walikubali sutikesi, mikasi miwili, nguo na nauli, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa na picha au risiti. Simu mbili walizikataa. Walisema masharti yao yanakataza vitu vya thamani kama simu, pesa na dhahabu kuwekwa katika mzigo wa chini, na mashirika mengi yana sharti la namna hiyo. Tungeweza kuendelea kubishana, lakini risiti za simu hazikuwapo, na bila risiti hatukuwa na mguu wa kusimamia. Kwa hiyo wenye simu walikosa. Ni somo chungu: simu, pesa, vyeti na dawa hukaa katika mkoba wa mkononi.

Mtu asidanganywe pia kwamba begi likipotea ni utajiri. Mkataba una kikomo kwa kila msafiri. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni 1,519 kwa hesabu ya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambayo kwa shilingi zetu ni zaidi kidogo ya robo milioni, kutegemea bei ya siku. Hicho ni kikomo cha juu, siyo malipo ya kila mtu. Unalipwa hasara unayoweza kuionyesha. Ukibeba mali inayozidi hapo, unatakiwa kutangaza thamani yake kwenye kaunta kabla ya kuondoka, na pengine kulipia zaidi.

Nimalizie pale nilipoanzia, kwa kikundi. Mama alipokuja mkutanoni, hakuja na maneno. Alikuja na kipande cha tagi, na ile ripoti ya kaunta ya tarehe 3 Juni, na nakala za jumbe mbili. Katika ujumbe wa tarehe 8, kabla begi halijapatikana, ilikuwa imeandikwa mikasi 8 na kitambaa cha kahawia. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti. Kisha wakahesabu vipande 12 vya kitambaa mezani, na mikasi 6, na pesa za ile 2. Mweka hazina akasimama, akaenda kumpa mkono. Katibu akaziweka nakala zote katika faili la kikundi, na ziko huko mpaka leo.

Kabla hatujatawanyika, mwenye binti anayesafiri mwezi huu akae nami dakika chache. Tutaandika ule ujumbe wa kwanza tukiacha wazi mahali pa namba, aubebe katika mkoba wa mkononi. Na jina lake na simu ya hapa nyumbani tutaviandika kwenye karatasi nyingine ya kuweka ndani ya sutikesi, juu ya nguo, tagi ikichanika wamjue.